Kabla ya Kufungua Grupu ya Mchango, Fungua Barua

Nitasema kitu ambacho najua kitawaudhi watu, hasa wazee wetu wa mtaani wanaopenda mambo yaende kwa heshima na bila maswali mengi. Barua ya kazi ya ng'ambo isichangiwe hata shilingi kumi mpaka mtu mmoja kwenye familia akae chini aikague, na matokeo ya ukaguzi yawekwe kwenye grupu kabla ya namba ya kutuma pesa. Si baada. Kabla.

Manake siku hizi ukikaa Mama Ngina jioni, pale watu wanapoangalia meli zikiingia Kilindini huku wanakula mihogo kwa pilipili na ndimu, hukosi kusikia habari za mtu anayeondoka. Huyu anaenda Canada, yule Qatar, mwingine Uingereza. Simu inatolewa, barua inazungushwa, kila mtu anasema mashallah. Nembo ya kampuni ipo juu, muhuri upo chini, saini ya wino wa buluu ipo. Kuna na picha ya afisa wa ajira, mwanamke kwenye koti zuri anatabasamu. Wiki hiyo hiyo grupu ya WhatsApp inafunguliwa, shangazi anawekwa kuwa mweka hazina, na pesa zinaanza kuingia.

Shida ni kwamba picha na barua ndiyo vitu viwili rahisi zaidi kuiba kwenye biashara hii yote. Na sisi ndiyo tunavichukua kama ushahidi.

Hebu niwapitishe kwenye barua moja, hatua kwa hatua. Ilinifikia Septemba 2025 kutoka kwa dada mmoja wa mtaani, ambaye ameniruhusu niisimulie bila kumtaja. Ilikuwa ofa ya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kaskazini mwa Uingereza. Nyumba yenyewe ipo kweli na haina kosa lolote, kwa hivyo jina lake siliandiki. Barua ilimtaka alipe Sh185,000 za "kushughulikia udhamini", na tayari alikuwa ametuma Sh15,000 za usajili. Mamake alikuwa ameshaongea na mtu wa kununua dhahabu yake. Aliponiona nimeishika simu muda mrefu akaniuliza, "Mwanangu, barua ina muhuri, ina sahihi, na mwenyewe tumemuona sura. Mwataka nini tena?"

Swali lake ni zuri, na nitalijibu kwa mpangilio wake. Naanza na sura.

Yule "afisa wa ajira" alikuwa anaongea na dada kwa WhatsApp, na picha ilikuwa ya profaili. Siku hizi WhatsApp kwenye simu nyingi haikuruhusu kupiga skrinshoti ya picha ya profaili ya mtu. Usikwame hapo. Chukua simu ya pili, ongeza mwangaza wa ile ya kwanza, piga picha kioo. Halafu kata picha ibaki uso na mabega tu, manake ukiacha ukuta na mapazia, mashine ya kutafuta inaweza kukuletea mapazia.

Nikaiweka kwenye Google Lens. Nikapata wanawake mia moja wenye makoti ya buluu, hakuna hata mmoja aliye yeye. Wengi huishia hapo na kusema picha ni safi. Mimi nikaitazama tena. Kifuani alikuwa na beji ndogo, na maandishi yake, ingawa hayasomeki vizuri, yalikuwa yameelekea kinyume, kama maandishi unayoyaona kwenye kioo. Picha ilikuwa imegeuzwa kushoto kulia. Huu ni ujanja wa kawaida, manake picha iliyogeuzwa huzipoteza mashine nyingi na jicho la mtu halishtuki. Simu nyingi zina sehemu ya kuhariri picha yenye kitufe cha kugeuza. Nikageuza, nikatafuta tena kwenye Google Lens, kisha nikajaribu Yandex, ambayo kwa sura za watu mara nyingi huleta matokeo ambayo Google haileti.

Yandex ikamleta. Ni dalali wa nyumba, nchi nyingine kabisa, picha ileile kwenye ukurasa wa ofisi yake, beji inasomeka vizuri. Jina tofauti, kazi tofauti, bara tofauti. Nikahakikisha na TinEye, ambayo haitafuti watu wanaofanana bali picha ileile ilivyotumika kwingine, na ina uwezo wa kukupangia kuanzia ya zamani zaidi. Picha ilikuwa mtandaoni miaka kadhaa kabla ya huyo "afisa" kuanza kutuma salamu za asubuhi.

Sasa mambo mawili kuhusu sura, na haya ndiyo nataka myashike kuliko majina ya hizo tovuti.

La kwanza, picha inaweza kumtia mtu hatiani, lakini haiwezi kumwachilia. Ukikuta sura imeibwa, kesi imekwisha. Usipoikuta, hujathibitisha chochote. Huenda imetolewa kwenye akaunti iliyofungwa, au ni sura iliyotengenezwa na kompyuta, ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na kuna hali mbaya zaidi: tapeli makini huiba sura, jina na cheo kwa pamoja kutoka LinkedIn ya afisa wa kweli wa kampuni ya kweli. Ukitafuta, kila kitu kinalingana. Utasema alhamdulillah, kumbe umethibitisha tu kwamba mtu aliyeibiwa yupo.

La pili ni la wenzangu tunaoposti. Mwanamke kwenye picha si mwizi. Yeye pia ameibiwa. Nimeona kurasa zinaweka sura kama hiyo na maandishi mekundu, "TAPELI HUYU HAPA", watu elfu kumi wanasambaza. Tapeli mwenyewe amekaa mahali anabadilisha picha ya profaili, na dalali wa watu, asiyejua hata Mombasa iko wapi, anatukanwa na watu wasiomjua. Ukiposti, funika uso na uonyeshe mbinu. Na ukiweza, muandikie mwenye picha umwambie inatumika. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya 2018 inahesabu kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa ulaghai kuwa jinai. Usimsaidie mwizi kumuumiza aliyeibiwa mara ya pili.

Tuje kwa barua yenyewe, na kichwa chake.

Uingereza, kampuni iliyosajiliwa inatakiwa kisheria kuonyesha mambo haya kwenye barua zake za biashara: jina kamili lililosajiliwa, namba ya usajili, anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na sehemu ya nchi iliposajiliwa, kwa mfano Uingereza na Wales au Skoti. Kwa kawaida huwa maandishi madogo chini ya ukurasa, yale ambayo hakuna mtu husoma. Anza na hayo. Kama hayapo, barua tayari ina swali la kujibu.

Kwenye barua ya dada yalikuwepo yote. Nikaingia kwenye rejista ya Companies House, ambayo ni ya bure na haihitaji hata akaunti, nikaandika ile namba. Ikafunguka kampuni ya kweli yenye jina lile lile. Mamake akapumua. Mimi nikaendelea kusoma, manake namba ya kampuni ni kitu cha wazi ambacho mimi, wewe na tapeli tunaweza kukinakili kwa sekunde mbili. Kinachotafutwa ni pale barua inapotofautiana na rejista, na hapo pakapatikana. Ukurasa wa kampuni una sehemu ya historia ya nyaraka, na ilionyesha kwamba ofisi ilihamishwa miaka kadhaa iliyopita. Barua ya Septemba 2025 ilikuwa bado inatumia anwani ya zamani. Kampuni haisahau inakokaa. Anayesahau ni mtu aliyekata kichwa cha barua ya zamani aliyoipata mtandaoni na kukibandika kwenye barua mpya.

Baada ya hapo nikaikuza barua kwenye kioo mara nne. Kwenye barua iliyotengenezwa na kampuni yenyewe, nembo na maandishi kwa kawaida hubaki na ukali unaokaribiana. Hapa maandishi yalibaki makali kama wembe, lakini nembo ikawa na ukungu wa kijivu pembeni, kama picha iliyotolewa kwenye tovuti. Saini nayo ilikuwa ndani ya kisanduku cheupe, na kisanduku kilikuwa kimekata kipande cha mstari uliopita chini yake. Kama barua ingepigwa chapa, ikasainiwa kwa kalamu, halafu ikaskaniwa, wino ungepita juu ya mstari. Mstari haungekatika.

Lakini ukungu peke yake haumtii mtu hatiani. Kuna kampuni halali zenye makarani wasiojali. Kwa hivyo nikafungua barua kwa ndani.

Barua ilikuja kama PDF. Hii ni bahati, manake faili ikitumwa WhatsApp kama hati, taarifa zake za ndani hubaki. Ikitumwa kama picha, hazipo. Kwa hivyo ukitumiwa picha ya barua, omba PDF, na angalia atakavyojizungusha. Ukiwa saiba, fungua PDF kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, kisha `Document properties`. Mwenye laptopu ya Linux anaweza kutumia amri hii:

```
pdfinfo -rawdates barua.pdf
```

Hivi ndivyo ilivyosema, nimeacha mistari yenye maana tu:

```
Title:         OFFER LETTER CANADA FARM
Author:        user
Creator:       Microsoft Word 2016
CreationDate:  D:20250908231407+03'00'
```

Soma mstari wa kwanza. Barua ya nyumba ya wazee ya Uingereza, lakini faili yenyewe inajiita ofa ya shamba la Canada. Mtu alikuwa na kiolezo kimoja, akafuta shamba akaandika nyumba ya wazee, lakini kichwa cha ndani ya faili hakujua kipo. Maana yake kuna mtu mwingine mahali fulani ambaye ameshapewa kazi ya kuchuma matunda Canada kwa karatasi hiyo hiyo.

Mstari wa mwisho ni tarehe: 8 Septemba 2025, saa tano na dakika kumi na nne usiku. Ile `+03'00'` ni majira ya kompyuta iliyotengeneza faili, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Hayo ni majira yetu ya Afrika Mashariki. Uingereza mwezi wa Septemba wako saa moja tu mbele. Hapa pia kuna mpaka wa kusema: Saudia na Qatar nao wako saa tatu mbele, kwa hivyo siwezi kuapa kwamba barua ilichapwa Kenya. Naweza kusema tu kwamba kompyuta ile haikuwekwa majira ya Uingereza. Na tarehe za ndani ya faili zinaweza kubadilishwa na anayejua, kwa hivyo zikiwa sawa, usizihesabu kama ushindi.

Mnaona mtindo? Kila kipimo kina upande mmoja tu wenye nguvu. Kikikataa, amini. Kikikubali, endelea. Ndiyo maana mwisho wa yote lazima ufike mahali ambapo tapeli hana mkono: kumuuliza mwenye barua, kupitia njia uliyoipata wewe mwenyewe.

Usipige namba iliyo kwenye barua. Hiyo ni sawa na kumuuliza mwizi kama ni mwizi. Namba ya kwenye barua hii ilianza na +447, ambayo ni laini ya mkononi, na barua pepe ilikuwa na jina la kampuni likiongezewa neno la "careers" na kuishia .com, wakati tovuti ya kweli ya nyumba ile inaishia .co.uk. Nikaandika ile anwani ya .com kwenye lookup.icann.org, ambapo huonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini. Lilikuwa na umri wa wiki tatu. Nyumba ina wazee wanaoishi humo miaka, lakini barua pepe yake ilizaliwa Agosti.

Basi tukaenda kwa CQC, mamlaka inayosajili na kukagua huduma za afya na matunzo kule England. Rejista yao inaonyesha kila nyumba ya wazee, anayeiendesha, na mawasiliano yake. Tukapata simu ya mezani na tovuti, dada akaandika barua pepe fupi ya mistari minne, akaambatisha ofa. Siku mbili baadaye wakajibu kwa upole kwamba hawana mfanyakazi wa jina hilo, hawajaandika barua hiyo, na yeye si wa kwanza kuuliza.

Kusema kweli, kwa barua hii mahususi kulikuwa na njia fupi zaidi, na ndiyo ningependa kila familia ianze nayo. Kabla ya kuuliza kama barua ni ya kweli, uliza kama mlango wenyewe upo. Serikali ya Uingereza ilifunga kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Barua ya dada iliandikwa Septemba. Hata kama nembo ingekuwa ya dhahabu na saini ya mwenye nyumba mwenyewe, hakuna viza mpya ambayo mtu aliyekaa Mombasa angepewa kwa kazi ile. Habari hii iko wazi kwenye gov.uk, na kuisoma ni dakika tano.

Na kuna karatasi moja inayowaangusha wengi. Ile barua ilikuja na "cheti cha udhamini", Certificate of Sponsorship, chenye fremu ya maua na muhuri mwekundu. Kinapendeza kutundika ukutani. Lakini kitu chenye jina hilo Uingereza si cheti cha karatasi. Ni rekodi ya kielektroniki ambayo mwajiri huiingiza kwenye mfumo wa serikali, na wewe unapewa namba ya kuijaza kwenye maombi ya viza. Anayelipia rekodi hiyo ni mwajiri. Kwa hivyo cheti chenye maua kinajishtaki chenyewe, na zile Sh185,000 hazikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa mfukoni mwa mtu. Huyo mtu hata M-Pesa ilimtaja. Ukitaka kutuma, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha, na lilitokea jina la mtu binafsi, laini ya Safaricom. Kampuni ya Uingereza inapokea pesa kwa laini ya mtu wa huku? Jina lile dada aliliona siku ya Sh15,000, akaambiwa ni "mhasibu wa tawi".

Huku kwetu pia kuna vipimo viwili, kwa sababu barua nyingi hupitia ajenti. Cha kwanza ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye neaims.go.ke. Ajenti akikuonyesha leseni kwenye fremu, tafuta jina lake kule, angalia kama bado iko hai, halafu linganisha simu na anwani. Leseni nayo ni karatasi, na inaibwa kama sura: mtu anachukua leseni ya kampuni halali ya Nairobi, anabandika namba yake. Cha pili ni mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba, na afisa anatakiwa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari yako na bila kudanganywa. Mwambie ajenti kwa adabu kabisa, "Sawa kaka, tutakutana kwa afisa wa leba tuuthibitishe." Mwenye kazi ya kweli atauliza siku gani. Mwenye kazi ya hewa atakwambia nafasi zinaisha leo.

Najua nitakavyojibiwa. "Wewe waharibia watu riziki. Fulani alienda, na sasa amejenga." Ni kweli, kuna fulani ameenda na amejenga, na nampongeza. Lakini barua ya fulani ingepita kwenye hizi rejista zote bila shida, manake ilikuwa na mwenyewe. Sijamwambia mtu asiende. Nimesema siku mbili za kukagua, na hakuna mwajiri wa kweli anayemfuta mfanyakazi kwa sababu aliuliza kama barua ni yake.

Wengine husema ikiwa mbaya ni pesa tu, zitatafutwa nyingine. Hapa ndipo sikubaliani kabisa. Mwaka 2022 serikali yetu ilikuwa ikiwarudisha vijana wa Kenya waliopewa ofa za kazi nzuri za ofisini Thailand. Walipofika wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Februari 2025, majengo ya upande ule yalipovamiwa na maelfu ya watu kutolewa, Wakenya walikuwemo tena. Wale nao walikuwa na ofa zinazovutia. Kuna matapeli wanaotaka Sh185,000 zako na kuna wanaotaka wewe mwenyewe, na ukiwa umekaa Mama Ngina na simu mkononi, barua zao zinafanana.

Na familia inayochanga inabeba sehemu ya hili. Mchango una nguvu mbaya: ukishachangiwa na watu arobaini, huwezi tena kusema una wasiwasi. Dada aliniambia alianza kushtuka mapema, tangu "afisa" alipokataa kupiga simu ya vidio, lakini mamake alikuwa ameshawaambia watu msikitini. Aibu ya kurudi nyuma ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kwenda mbele. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi uje kabla ya grupu. Ukija baada, hakuna atakayethubutu kuusoma.

Kwa hivyo hili ndilo pendekezo langu kwa kila shangazi na mjomba mweka hazina. Kabla ya namba ya kutuma pesa, grupu iwekewe ujumbe mmoja wenye majibu manne. Je, viza ya kazi hii ipo leo kwa mtu wa Kenya, na tumesoma wapi? Je, kampuni imejibu kupitia mawasiliano tuliyoyapata kwenye rejista, si kwenye barua? Je, ajenti yuko kwenye orodha ya NEA, na namba zake zinalingana? Je, pesa zinaenda kwa nani, na kwa nini si mwajiri anayelipa? Jibu moja likikosekana, grupu inasubiri.

Na kama pesa zimeshatoka, usifute mazungumzo kwa hasira. Kama umetuma sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe, ingawa mpokeaji akiwa ameshatoa, hapo hakuna cha kurudisha. Hifadhi PDF yenyewe, si skrinshoti, hifadhi namba na jina lililotokea kwenye M-Pesa, na uripoti kituo cha polisi au kwa DCI kupitia 0800 722 203, simu ya bure. Sh15,000 za dada hazijarudi mpaka leo. Dhahabu ya mamake bado iko ndani ya sanduku lake, na ile PDF iliyojiita ofa ya shamba la Canada iko kwenye faili ya polisi, ikimsubiri mtu mwingine aliyetumiwa karatasi hiyo hiyo. Kama ni wewe, jitokeze uripoti.